Tupeane uzoefu: karanga, parachichi na siagi ya karanga wakati wa kupunguza mafuta mwilini

Mwanzisha mada:
Ndugu wanachama, ningependa tukusanye uzoefu wa kupima vyakula hivi, kwa sababu sifa ya kuwa vyakula bora huwafanya watu wengi wavile bila kuangalia kiasi. Ninaanza na dada yangu, ambaye aliacha soda, chapati na vitumbua, lakini uzito wake ukagoma kushuka. Asubuhi alikuwa akila vipande viwili vya mkate vilivyopakwa siagi ya karanga, kazini akitafuna karanga za kukaanga, na usiku akila parachichi moja kubwa la Njombe pamoja na mboga.

Tulipoweka kila kitu kwenye mizani ya jikoni, siagi ya karanga ilikuwa gramu 60, karanga gramu 80, na nyama ya parachichi, baada ya kutoa ganda na kokwa, gramu 250. Kwa makadirio hizo ni kalori 355, 465 na 400, yaani zaidi ya 1,200 kabla ya kuhesabu mkate, ugali, maharage na mboga. Hakuviacha, bali sasa siagi ni gramu 30, karanga gramu 30 na parachichi gramu 80, jumla inayokaribia kalori 500. Uzito umeanza kushuka, ingawa polepole. Wengine mnapimaje?

Mkulima wa Tukuyu:
Mimi ninalima maparachichi na ninakula kadiri ninavyotaka. Parachichi halina sukari ya kutajwa na mafuta yake ni mazuri kwa moyo, kwa hiyo sioni litanenepeshaje mtu. Tatizo ni wanga.

Bi Lishe:
Ndugu Mkulima, ni kweli kwamba parachichi halipandishi sukari ya damu kwa kasi na kwamba mafuta yake ni ya aina njema. Hata hivyo, gramu moja ya mafuta, yawe ya parachichi au ya kukaangia chipsi, ina kalori 9, ilhali gramu ya wanga ina 4. Anayeshinda shambani na jembe huenda anazitumia zote, lakini anayekaa ofisini kutwa hana pa kuzipeleka.

Kwa siagi ya karanga, kijiko hudanganya sana. Kijiko cha chakula kilichosawazishwa kwa kisu hubeba takribani gramu 16, lakini kikichotwa kwa mlima hufika 30 au zaidi, na watu huita vyote viwili kijiko kimoja. Njia ninayoipendekeza ni kuweka kopo lenyewe kwenye mizani, kuirudisha mizani sifuri, kisha kuchota. Namba itakayotokea ikiwa na alama ya kutoa ndiyo kiasi ulichochukua, pamoja na kile kilichobaki kwenye kijiko unacholamba.

Mama Watatu:
Samahani, mwanangu wa miaka miwili ni mwembamba nami humtilia siagi ya karanga kwenye uji. Je, nimpunguzie?

Bi Lishe:
Hapana, mama, mada hii inahusu watu wazima wanaopunguza uzito. Tumbo la mtoto ni dogo, kwa hiyo wingi wa kalori katika kiasi kidogo ndio unaomfaa; endelea kuikorogea kwenye uji, usimpe karanga nzima kwa kuwa zinaweza kumpalia, na umpeleke kliniki apimwe ikiwa uzito hauongezeki.

Dereva wa Usiku:
Kwangu gramu 30 za karanga haziwezekani mfuko ukiwa wazi mbele yangu. Niliacha kununua kilo, sasa nachukua kifuko kimoja kidogo kwa muuzaji wa barabarani. Nilisoma pia kwamba karanga nzima hazitoi kalori zote, kwa hiyo sizihesabu kikamilifu.

Bi Lishe:
Hilo lina ukweli. Sehemu ya mafuta hubaki imefungwa ndani ya vipande visivyotafunwa vikalainika, nayo hutoka na choo, tofauti na siagi iliyosagwa. Lakini kiasi hicho hutofautiana kati ya mtu na mtu, ndiyo maana mimi huzihesabu zote.

Mwanzisha mada:
Mimi nakubaliana na Dereva kuhusu kifuko. Dada yangu hugawa karanga za wiki nzima kwenye vifuko siku ya Jumapili, na vilivyobaki hukaa nyumbani.

Mpishi wa Tanga:
Na karanga za kwenye kisamvu mnazihesabuje? Mimi hupima unga wa karanga kabla ya kuutia sufuriani. Nikitia gramu 120 kwa watu wanne, naandika gramu 30 kwa kila mmoja, takribani kalori 170. Lakini sisi tunakula sinia moja, na baba watoto huchota zaidi yangu. Mwenye njia bora kuliko kujipakulia kwenye bakuli la pembeni anieleze, kwa sababu nyumbani hawalipendi bakuli hilo.