Bosi hataki kunipunguza kazi, hataki kunilipa, sasa ananiletea karatasi ya "likizo ya hiari"

Mpiga_Msasa
Wakuu, nina hasira hadi mikono inatetemeka. Niko Uingereza, kiwanda cha samani, mwaka wa saba huu. Saa 40 kwa wiki, pauni 13 kwa saa, yaani 520 kwa wiki kabla ya makato. Oda zikakauka, tukapewa barua: "mnasimamishwa kwa muda, kazi ikirudi tutawaita." Bila tarehe.

Wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu nimekaa nyumbani. Nimepata pauni 195 tu, basi. Wiki ya nne wakaniita siku tatu. Ya tano na ya sita nyumbani tena. Ya saba siku mbili. Leo Alhamisi ya wiki ya nane, kimya.

Nikamwambia meneja, kama kazi hakuna nipunguzeni rasmi, mnipe changu niende. Akacheka. Eti hakuna aliyepunguzwa kazi hapa, na ile wiki ya nne nilifanya kazi, kwa hiyo hesabu imeanza upya. Halafu akatoa karatasi: "Naomba kwa hiari yangu likizo bila malipo ya wiki nane." Naomba! Mimi ndiye ninayeomba njaa?

Kipusa77
Pole kaka. Lakini ulifanya kosa gani hadi wakusimamishe? Ukisimamishwa wakati wa uchunguzi wanapaswa kukulipa.

Mpiga_Msasa
Dada, sina kosa. Samani hazinunuliki, basi.

Fundi_Mgeni
Kaka usihangaike. Wiki nne nyumbani bila mshahara, kisheria tayari umepunguzwa kazi. Acha kazi kesho, kadai kiinua mgongo.

Mama_Shopsteward
Fundi, utamtia mwenzio shimoni. Wiki nne hazimpunguzi mtu kazi. Zinampa haki ya kudai, na kuna mlolongo wake. Akiacha kazi kesho bila kuufuata ametoka mikono mitupu.

Mpiga Msasa, nimekaa miaka mingi upande wa chama cha wafanyakazi, kwa hiyo nijibu kwanza: mkataba wako unasema mwajiri anaweza kukurudisha nyumbani bila mshahara kazi ikikosekana? Sizungumzii barua. Mkataba.

Mpiga_Msasa
Nimeutafuta chini ya kitanda. Upo, ukurasa wa saba, kifungu kifupi. Ila rafiki yangu wa mashine ya kukatia ana mkataba wa zamani, hauna hicho kifungu, na yeye karudishwa nyumbani vilevile.

Mama_Shopsteward
Basi ninyi wawili hamko kwenye chombo kimoja. Kama kweli kwake hakuna kifungu, wala desturi ya miaka hapo kiwandani, wala makubaliano na chama, anadai mshahara wake wote wa wiki alizolazwa, yaani alizorudishwa nyumbani kwa kukosa kazi. Aandike barua ya malalamiko sasa, asikae kimya wakaja kusema alikubali. Na aongee mapema na Acas, wale wasuluhishi wa migogoro ya kazi, muda wa kwenda mahakama ya kazi ni mfupi.

Wewe wanaruhusiwa kukulaza, na sheria haina kikomo cha wiki ngapi. Hizo 195 ni malipo ya chini ya siku zisizo na kazi: siku tano tu katika kila miezi mitatu, na kwa kiwango cha Aprili 2025 hazizidi pauni 39 kwa siku. Ndiyo maana zilikatika ghafla.

Sasa hesabu ya meneja. Wiki inahesabika kama hukulipwa chochote cha mkataba, au ulilipwa chini ya nusu ya mshahara wa wiki. Nusu yako ni 260. Wiki ya nne ulifanya siku tatu, saa 24, ukapata 312. Hiyo kweli haihesabiki, na siku tatu si bahati mbaya, wanajua wanachofanya. Kuna watu wanawekwa siku tatu kwa wiki mwaka mzima, wanaumia, na hawafikii dai hili kamwe. Hata nusu kamili haitoshi, lazima iwe chini ya nusu.

Wiki ya saba ulipata 208. Hiyo inahesabika, ingawa ulifanya kazi. Wiki za kukaa bure na wiki za saa pungufu zinachanganywa kwenye hesabu moja.

Meneja anajua kanuni ya wiki nne mfululizo, kasahau ya pili: wiki sita ndani ya wiki 13, zisizozidi tatu mfululizo. Unazo ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya tano, ya sita, ya saba. Sita.

Fundi_Mgeni
Kwa hiyo nilikuwa sahihi.

Mama_Shopsteward
Nusu. Anaandika barua kwamba anakusudia kudai malipo ya kupunguzwa kazi, ndani ya wiki nne tangu wiki ya mwisho aliyolazwa. Mwajiri ana siku saba za kupinga kwa maandishi. Asipopinga, ndipo mfanyakazi anatoa notisi ya kuacha kazi, ndani ya wiki tatu baada ya hizo siku saba. Barua kwanza, kuacha baadaye.

Mpiga_Msasa
Nikifuata hivyo napata ngapi? Nina miaka 36, sita kamili kazini.

Mama_Shopsteward
Kwa umri wako ni wiki moja ya mshahara kwa kila mwaka: sita mara 520, pauni 3,120. Lakini ujue unachoacha. Wangekupunguza wao wenyewe, ungewadai pia notisi ya wiki sita ya kulipwa, 3,120 nyingine. Ukidai kwa njia hii unaondoka wewe, notisi ya kulipwa huipati. Hapo ndipo kicheko cha meneja kinapotoka.

Na ile karatasi usiisaini hata kwa penseli. Ukiomba likizo mwenyewe, wiki nane zijazo hukulazwa na mwajiri, ulijilaza. Hazihesabiki. Ukisaini kupunguziwa saa za kazi daima ndiyo mbaya zaidi, maana huo mshahara mdogo ndio utakaopigiwa hesabu siku ya kupunguzwa.

Saa_Sifuri
Mimi mkataba wangu hauna saa hata moja ya uhakika, wiki ya tatu hawajaniita. Naweza kuhesabu hivyo?

Mama_Shopsteward
Kwako ni vigumu. Nusu ya nini, kama hujaahidiwa kitu? Fungua uzi wako tuuangalie mkataba.

Kipusa77
Kwetu walitulazimisha kwenda likizo bila kutuuliza, na ilikuwa halali.

Mama_Shopsteward
Hiyo ni likizo yenu ya mwaka, ya kulipwa. Wanaweza kukupangia wakikupa notisi mara mbili ya urefu wake, likizo ya wiki moja notisi ya wiki mbili. Ya bila malipo ni habari nyingine.

Mpiga_Msasa
Barua naandika usiku huu. Kinachonitisha ni kupinga kwao. Meneja anaimba oda kubwa ya hoteli.

Mama_Shopsteward
Ili apinge ashinde, lazima iwe ilitarajiwa kwa haki kwamba ndani ya wiki nne tangu barua yako utaanza walau wiki 13 za kazi bila kulazwa tena. Oda ikiwepo kweli, unaweza kushindwa, sikufichi. Akipinga, usiache kazi, hilo litaamuliwa na mahakama ya kazi.

Mpiga_Msasa
Meseji imeingia sasa hivi: "Njoo kesho saa mbili asubuhi, kuna kazi ya saa nne." Anadhani anavunja hesabu tena. Niende?

Mama_Shopsteward
Nenda, ukikataa kazi unampa sababu. Saa nne ni pauni 52. Ya tano, ya sita, ya saba na ya nane: kakupa na zile nne mfululizo.