Naomba ushauri: slaidi ya mshono kwenye posti ya mkoba wa ngozi

Habari zenu wakuu. Naandaa posti ya slaidi 5 za Instagram kwa mkoba wa ngozi ulioshonwa kwa mkono, kila slaidi faida moja. Ya kwanza, "Laptopu ya inchi 14 inaingia na zipu inafunga", haina shida. Iliyonikwamisha ni ya tatu, ya mshono.

Kwanza niliandika "Umeshonwa kwa sindano mbili na uzi wa nta", lakini hiyo inaeleza kazi ya fundi, haimwambii mnunuzi anapata nini. Nikabadilisha: "Uzi ukikatika sehemu moja, mshono haufumuki wote." Ni kweli, maana kila tundu hupitiwa na uzi mara mbili, kutoka pande zote. Tatizo ni picha: mshono uliopigwa kwa karibu hauthibitishi maneno hayo. Nikaongeza mstari wa maelezo, herufi zikawa ndogo mno kusomeka kwenye simu.

Je, nionyeshe kipande cha ngozi chenye uzi niliokata makusudi, mshono ukiwa bado umeshika, au kitamtia mteja wasiwasi? Na bei iwe slaidi ya mwisho, au ibaki kwenye maelezo ya chini?