Tupeane uzoefu: swali gani lilikufumbua macho ulipoongea na mtu aliyeifanya kazi hiyo?

Mwana Kongowea

Salaam wanajamvi. Wiki tatu zilizopita niliitwa na ofisi moja ya kliaring, wale wa kutoa mizigo bandarini, upande wa Shimanzi hapa Mombasa, kazi ya oparesheni. Mshahara 45,000, nauli juu yao. Kabla ya kusaini nikamtafuta jamaa aliyekaa pale miaka miwili akaacha. Tukaketi barazani, kahawa chungu na kashata, nami nikauliza kama anavyouliza kila mtu: kazi pale ikoje?

"Kazi nzuri. Presha tu kidogo."

Bosi je? "Mtu wa watu." Nikaona hapa natoka kapa.

Nikambadilishia. Nikamwambia, hebu nihadithie kontena ya mwisho iliyokutesa, tangu iliposhuka melini mpaka iliporudishwa tupu. Hapo akaweka kikombe chini.

Ilikuwa kontena ya futi 40, vigae. Ikashushwa, ikapelekwa yadi moja ya Miritini. Entri aliipandisha mapema kwenye iCMS, ule mfumo wa forodha, makaratasi safi. Lakini mteja hakuleta pesa ya ushuru. Siku za bure zikaisha, storeji ikaanza kuhesabu. Mteja akalipa Ijumaa jioni, na kabla Jumatatu kufika zikaongezeka siku nyingine. Kontena ikaenda Nairobi, ikapakuliwa, lori likarudi nayo tupu. Depo ya kupokea makontena matupu imejaa, foleni siku mbili. Huku kampuni ya meli nayo inahesabu demareji yake, ile tozo ya kuchelewa kurudisha kontena, tena kwa dola.

Nikamuuliza: bili ile alilipa nani?

Akakaa kimya kidogo, anaigeuza kashata mkononi. Kisha akasema, "Storeji alilipa mteja baada ya kelele. Demareji nilikatwa mimi. 9,000 kila mwezi, miezi minne."

Nikaongeza moja: mara ya mwisho ulipotoa pesa yako mfukoni kwa kazi ya ofisi ilikuwa lini, na ilirudi baada ya siku ngapi? Hakujibu kwa mdomo. Alitoa simu akanitafutia meseji za M-Pesa. 3,200 ilitoka, na ya kurudishiwa iliingia siku 41 baadaye. Mwenyewe alikuwa hajawahi kuzihesabu.

Huyu ndiye aliyeniambia presha kidogo! Na wallahi hakuwa ananidanganya. Nilimuuliza swali la maoni, akanipa maoni.

Sijasaini bado. Niliwaomba waandike kwenye mkataba kwamba demareji isiyotokana na kosa langu si juu yangu. Tangu hapo kimya. Nyinyi mliuliza nini kikatoka?

Bi Mkubwa wa Bamburi

Mwanangu, umenikumbusha mbali. Mimi nimefanya hoteli miaka 14, za ufukweni, kuanzia kutandika vitanda mpaka kusimamia wanaotandika. Kwetu swali ni moja tu: mwezi wa tano ulilipwa siku ngapi?

Usiulize mshahara ni kiasi gani. Mshahara utakaoambiwa ni wa Disemba, au wa Agosti wageni wakiwa wamejaa. Pasaka ikishapita, mvua za masika zinashuka, bichi imejaa mwani, vyumba vitupu. Kuna hoteli zinafunga kabisa. Kuna zinazowaambia watu chukueni likizo zenu sasa, halafu likizo ikiisha mtu anaambiwa akae nyumbani mpaka aitwe. Hapo halipwi.

Nilipohamia hoteli ya pili nilimuuliza binti mmoja wa pale, tena kwa utani tu, "Mwezi wa tano ulikuwa unafanya nini?" Akanijibu, "Nilikuwa Kaloleni kwa mama, nalima." Basi. Sikumuuliza la pili. Nikarudi nikawaambia wale mabwana nataka mkataba unaotaja miezi 12, wakakataa, nikaingia hivyo hivyo kwa sababu nilikuwa na watoto shule. Lakini niliingia nikijua, nikawa naweka kidogo kidogo tangu Novemba. Wenzangu walioingia na mimi ilipofika Mei walikuwa wanakopa unga.

Kipanga

Mimi naona mnajichosha. Usiulize aliye ndani, aliye ndani ataogopa. Muulize aliyetoka tu, huyo hana cha kupoteza. Na huyo jamaa wa kliaring alikubali vipi kukatwa? Sheria hairuhusu kukatwa hata shilingi moja ya mshahara. Angeenda leba.

Mzee Karani

Kipanga, nusu umepata, nusu imekupita.

Nimekaa ofisi za kuajiri hapa Mombasa tangu nikiwa na nywele nyeusi, kwa hiyo acha niseme. Sheria ya ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kukata. Mwajiri anaweza kukata kiasi cha haki pale mfanyakazi alipoharibu au kupoteza mali kwa makusudi. Na makato yote kwa jumla yasipite theluthi mbili za mshahara. Sasa depo kujaa na mteja kuchelewesha ushuru si makusudi ya klaki. Kwa hiyo yule kijana alikuwa na hoja, lakini si kwa sababu uliyoitaja wewe.

Kuhusu aliyetoka. Ni kweli hana cha kupoteza, lakini ana hasira, na ana habari za zamani. Nilimwona kijana akikataa kazi nzuri kwa sababu aliyetoka alimsimulia mkubwa fulani mkorofi. Yule mkubwa alikuwa amestaafu mwaka mzima nyuma. Kwa hiyo swali la kwanza kwa aliyetoka ni: ulitoka mwezi gani, na kati ya wale uliowaacha nani bado yuko? Akikosa kutaja hata mmoja, simulizi zake ni za ofisi nyingine.

Aliye ndani naye huwa haogopi tarehe. Anaogopa kutoa hukumu. Ukimuuliza "wanalipa kwa wakati?" atasema ndiyo, maana hilo ni kumsema tajiri wake. Ukimuuliza "mwezi uliopita meseji ya benki iliingia tarehe ngapi?" atakwambia tarehe 7 bila kufikiri. Uliza na ya mwezi wa kabla yake. Ukisikia tarehe 2, kisha 7, kisha 13, umeshaona inakoelekea.

Langu jingine ni hili, na huwa namwambia kila kijana: muombe aingie kwenye akaunti yake ya NSSF muangalie pamoja. Kwenye hati ya mshahara utaona amekatwa kila mwezi. Kule unaona kama pesa ilifika. Mwajiri anatakiwa awe ameiwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Nimeona hati zimejaa makato miezi minane na akaunti haina kitu. Kampuni inayokula ile ya NSSF, mshahara wako nao uko njiani kuliwa.

Mwana Kongowea

Mzee Karani, shikamoo. Hilo la NSSF sikulifikiria. Nitamrudia yule jamaa leo magharibi.

Dogo wa Mtwapa

Asanteni kwa madini. Kwa hiyo kwenye intaviu bosi akisema "una swali lolote?" ndiyo nimuulize alikatwa demareji nani? Si nitafukuzwa hapo hapo? Halafu kama kuna mtu ana konekshen ya kazi ya depo, mimi nina leseni ya foklift.

Bi Mkubwa wa Bamburi

Dogo, soma vizuri baba. Haya si ya bosi, ni ya mfanyakazi mwenzio, mkiwa mmekaa pembeni.

Nuru

Yangu ni ya kuuza bima. Niliambiwa komisheni "haina kikomo". Nikampata dada aliyekuwa kwenye timu hiyo, naye akaniambia mwezi wake bora aliingiza 112,000. Nikafurahi mpaka nikasahau kuuliza mwezi wake mbaya. Nikaingia.

Mwezi wangu wa tatu nilipata 6,400. Ndipo nikamrudia, nikamuuliza mlianza wangapi siku ile ya mafunzo. Kumi na moja. Wangapi walikuwa wamebaki baada ya miezi sita? Wawili, yeye mmoja wao. Na ile 112,000? Alimuuzia mjomba wake mwenye daladala... samahani, matatu, nimekaa Tanga sana! Mjomba mwenye matatu nne, na wenzake wa sako moja. Mwezi mmoja. Jamaa wakaisha.

Kwa hiyo mimi nauliza hivi sasa: wateja wako watano wa kwanza walikuwa nani kwako? Ukisikia mjomba, shemeji, jirani, mwalimu wangu wa zamani, ujue kinachonunuliwa ni wewe na ukoo wako.

Kipanga

Sawa Mzee, ya sheria nimekubali. Lakini bado nasema aliye ndani ni hatari. Binamu yangu alimuuliza mtu wa ndani kuhusu nafasi fulani ya stoo. Kumbe nafasi ilikuwa ya huyo huyo! Walikuwa wanamtafutia mbadala naye hana habari. Kesho yake kukawaka moto ofisini, na binamu yangu akapoteza kazi ambayo hata hajaianza.

Mzee Karani

Hilo lipo, sikatai. Ndiyo maana swali la kwanza kwangu kwa waajiri, kabla sijamtafuta mtu yeyote, ni: nafasi hii iko wazi kwa sababu gani, na aliyekuwepo yuko wapi sasa? Wakikwambia ni nafasi mpya, nenda kwa aliye ndani umuulize kazi hiyo ilikuwa inafanywa na nani mpaka jana. Majibu mawili yakigongana, kuna kitu.

Nuru

Lakini Mzee, kwa huyo binamu swali hilo ndilo lililowasha moto. Ukishamuuliza "ilikuwa inafanywa na nani mpaka jana", naye akakuangalia akasema "na mimi", unafanyaje?

Bi Mkubwa wa Bamburi

Unamwambia ukweli. Mimi ningependa kuambiwa.

Kipanga

Na kazi unaikosa.

Mwana Kongowea

Nimetoka kwa jamaa. Tumeingia kwenye akaunti yake kwa simu, mtandao ukasumbua tukarudia mara tatu. Miaka miwili aliyokaa pale, miezi inayoonekana ni 15. Alikuwa hajui. Sasa ananiuliza mimi aanzie wapi kudai hiyo mingine. Mzee Karani, bado uko hewani?