Mrejesho: mkanda wa ghala letu Mtwara

Niliuliza: "Ghala letu la jumla, tununue roboti au mkanda wa kusafirisha mizigo?"

Wakuu, roboti tuliziacha mapema. Mkanda ni milioni 90. Muuzaji alihesabu tutaokoa mishahara ya watu saba, 400,000 kila mmoja, tukitoa 300,000 za umeme na matengenezo: milioni 2.5 kwa mwezi, hela inarudi miezi 36.

Kumbe hesabu hiyo aliitoa kwenye oda za Oktoba hadi Desemba, msimu wa korosho, watu wana hela! Kwa oda za mwaka mzima wanaopungua ni wanne. Inabaki milioni 1.3, yaani miezi 69. Badala ya kuununua, tumesogeza bidhaa zinazotoka sana karibu na mlango, msimuni tunaongeza vibarua.