Ombi la hela kwenye app linasoma Pending siku ya 4, nani anatakiwa kulifuta?

Mama Mawese: Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma, wiki iliyopita nilimpandishia mteja wangu wa Tabora madumu mawili ya mawese kwenye treni, nikamtumia ombi la 140,000 kupitia app. Mpaka leo linasoma Pending na yeye anaapa ameshalipa. Hela imekwama wapi, na nani wa kulifuta?

Nzega Kwetu: Mtandao huo. Hela imeshikwa, subiri masaa 24 itaingia yenyewe.

Fundi Simu: @Nzega Kwetu hiyo ni kwa hela iliyotumwa ikakwama njiani. Hili ni ombi mkuu, hakuna hela iliyotoka popote. Ombi kuwa Pending maana yake upande wa pili hajagusa chochote, hajabonyeza Pay wala Decline. Mama, fungua hilo ombi usome namba uliyomtumia, inawezekana ni laini yake ya zamani. Halafu muombe akutumie meseji ya muamala, uangalie namba ya muamala na hela imeenda kwa nani.

Asali ya Sikonge: Mimi nilikosea namba nikatuma 30,000 kwa mtu, ndo ikaenda moja kwa moja. Naweza kuifuta na mimi?

Fundi Simu: Hapana dada, iliyokwisha kwenda haifutiki, wahi huduma kwa wateja uombe irudishwe, na kama jamaa kashaitoa ni kazi kweli.

Mama Mawese: Jamani namba ya ombi iko sawa. Ila ametuma meseji, kumbe alilipa kwa njia ya kawaida ya kutuma hela, tena kwenye ile laini yangu nyingine iliyo kwenye kitochi cha dukani 😩 nimecheki salio kweli 140,000 ipo. Sasa mbona ombi halijafunga?

Fundi Simu: Halijui kama umelipwa. Linafunga lenyewe akilipa kwa kubonyeza Pay humo humo ndani ya ombi, hela ya njia nyingine hailigusi. Lifute leo leo, maana mwanae akichezea simu akalipa tena utaanza kurudisha hela za watu. Aliyeomba ndiye mwenye Cancel, aliyeombwa yeye ana Decline tu, yoyote kati yenu akibonyeza limekufa.

Nzega Kwetu: Si linaisha muda lenyewe?

Fundi Simu: App nyingine linaisha, nyingine linakaa hapo hapo mpaka mtu aliondoe. Usilitegemee hilo. Na mama, akikupigia mtu eti anakusaidia kufuta umpe PIN, kata simu.

Mama Mawese: Nimefuta, kwangu linasoma Cancelled. Ila mteja anasema kwake bado anaona kitufe cha Pay??

Fundi Simu: Afunge app aifungue upya akiwa na bando. Likibaki asiliguse kabisa, akupigie picha ya skrini uiweke hapa.