Ukichagua "Popote", nauli ya kwanza kwenye orodha ni hewa!

Wakuu, nina hasira. Likizo yangu haisogei: naondoka Ijumaa tarehe 12, narudi Ijumaa tarehe 19. Kokote nitakakotua ni sawa, mradi nauli iwe ndogo. Nikaingia tovuti moja ya kulinganisha nauli za ndege, pale pa kwendako nikachagua "Popote", tarehe nikaziweka kamili. Orodha ikaja, rahisi juu. Tuseme ya kwanza iliandikwa 100. Nikabofya, ikawa 230! Ya pili ikanifungukia na tarehe zimegeuzwa, eti nirudi tarehe 17. Ya tatu iliandikwa jina la nchi, kumbe bei ni ya mji mmoja tu wa pembeni. Usiku mzima umekwisha. Kwa nini mtu atangaze bei asiyoiuza?

BegiMoja: Mkuu, futa vidakuzi. Wameona unarudi rudi, wakapandisha.

Mwanzisha uzi: Nimejaribu kwa simu ya mke wangu, haijawahi kufungua tovuti hiyo. 230 ile ile.

Dirishani: Vidakuzi havihusiki hapo. Kuuliza nauli ya sasa hivi kwa mamia ya miji kwa mpigo kunachukua muda na kuna gharama, kwa hiyo orodha inakuonyesha bei iliyohifadhiwa mtu mwingine alipotafuta safari hiyo, pengine jana, pengine juzi. Ukibofya ndipo wanauliza kweli. Sasa fikiria: orodha inaanza na bei ndogo. Nauli iliyokwisha kupanda lakini bado imehifadhiwa kwa bei ya zamani itaelea juu. Ndiyo maana za mwanzo ndizo zinazodanganya sana. Fungua kumi za juu zote, andika bei halisi, upange upya mwenyewe. Na mji ambao hakuna aliyeutafuta kwa tarehe zako huenda usionyeshwe na bei kabisa, hata kama ni rahisi.

Chausiku: Mimi najua ninakokwenda ila tarehe ndiyo sina. Nami nichague Popote?

Dirishani: Hapana dada, wewe fungua kalenda ya mwezi mzima.

Mwanzisha uzi: Nimefungua kumi. Uliokuwa wa 7 ndio rahisi sasa, 140. Ila naona tiketi mbili tofauti, na saa mbili tu katikati.

Dirishani: Hapo tahadhari. Ya kwanza ikichelewa, ya pili inakuacha na huenda hakuna wa kukulipa. Begi la kukabidhi utalichukua na kulikabidhi upya, maana yake unaweza kulazimika kupita uhamiaji, na labda viza ya nchi ambayo hata huendi.

BegiMoja: Mimi bado nasema vidakuzi.

Mwanzisha uzi: Basi nachungulia wa 9: 155, tiketi moja, tarehe zangu zile zile. Ila begi sioni limeandikwa popote, si la mkononi wala la kukabidhi. Hawa watu!