Video ndefu ya elimu kwa mkulima: kumshika mtazamaji ni kumsaidia au kumzungusha?

Afisa Ugani, Mtwara Vijijini: Naandaa video ya dakika 22 kuhusu ugonjwa wa ubwiriunga wa mikorosho, itoke kabla maua hayajaanza. Kijana anayenihariria anataka tuanze na vionjo, tubadilibadili picha, na kila sehemu ikiisha tumvute mtazamaji upya asiondoke. Mimi naona hiyo ni mbinu ya wauza vichekesho. Mkulima ananunua bando kwa shida, kwa nini nimzungushe? Video ya elimu ipangwe hivyo kweli?

Mwalimu Mstaafu, Newala: Nakuunga mkono, bwana shamba. Siku hizi mtu anakwambia "subiri hadi mwisho nikuonyeshe siri", unasubiri, mwisho unakuta siri yenyewe ulikuwa unaijua tangu utoto. Darasani nilikuwa nasema somo la leo ni hili, nalifundisha, naondoka. Anayetaka kujifunza atakaa. Asiyetaka, hata umpigie ngoma hatakaa. Weka jibu mwanzoni, mengine yafuate kwa mpangilio wake.

Kijana wa Shangani: Shikamoo Mwalimu. Kwa heshima zote, darasani mwanafunzi hawezi kutoka, mlango uko nyuma yako. Kwenye simu anatoka kwa kidole. Mimi nafanya video za kila aina na kanuni ni moja: badili picha kila baada ya sekunde tano, weka muziki, weka maandishi yanayoruka. Jicho likizoea kitu, limechoka. Bwana shamba akisimama chini ya mkorosho dakika nne anaongea tu, amekwisha.

Mhariri, Mikindani: Mwalimu na kijana, kila mmoja ameshika kipande cha kweli. Nieleze kwa kutumia video hiyo hiyo ya ubwiriunga, maana tukijadili hewani tutagombana bure.

Watu wengi hawaondoki kwa sababu wamechoka. Wanaondoka pale wanapohisi jambo limekwisha. Ukisema "hizo ndizo dalili za ubwiriunga, sasa tuangalie sehemu ya pili", umemfungulia mlango wewe mwenyewe. Alikuja kujua ugonjwa unafananaje, ameujua, anaondoka bila kusikia siku ya kuanza kupuliza dawa ya salfa, na hiyo ndiyo iliyokufanya utengeneze video. Kumvuta upya si kumficha kitu. Ni kumwonyesha kwamba jibu alilopata limezaa swali lingine ambalo shambani kwake lipo tayari.

Kwa hiyo mwisho wa dalili usitangaze kwamba umemaliza. Shika shada la maua lenye weupe mkononi, kamera ikiwa karibu, useme: "Umeona weupe kwenye shada hili moja, mti mzima una mamia. Unaanza kupuliza leo au unasubiri?" Halafu jibu papo hapo, katika sentensi zinazofuata. Kanuni ninayoishikilia ni hiyo: swali unalofungua, lijibiwe katika sehemu inayofuata. Ukilifungua dakika ya 6 ukalijibu dakika ya 20, hapo Mwalimu ana haki ya kukasirika, na mtazamaji pia. Mara ya pili hatakuamini.

Kuhusu mwanzo, jibu liwekwe mapema kama Mwalimu alivyosema, ila kwa picha. Sekunde 30 za kwanza zisiwe nembo wala salamu ndefu wala historia ya zao la korosho. Onyesha mashada mawili ya shamba moja, moja zima na jingine limefunikwa unga mweupe, maua yameshaanza kuwa meusi. Sema: "Salfa ilikuwa ile ile. Tofauti ni siku ya kuanza na saa ya kupuliza. Anza maua machanga yanapotoka, puliza alfajiri upepo ukiwa umetulia. Sasa nakuonyesha namna ya kuijua siku hiyo kwenye mti wako." Kionjo cha kweli ndicho hicho. Mwenye haraka ameondoka na jambo la kufanya. Anayebaki anajua anabakia nini, maana kuambiwa "anza mapema" na kuweza kuitambua siku yenyewe ukiwa chini ya mti ni mambo mawili.

Mama wa Tandahimba: Samahani jamani, nimesoma nikaona habari za salfa. Mimi mikorosho yangu mwaka jana ilikuwa myeupe yote ndipo nikapuliza, ikakataa. Je, salfa ilikuwa feki?

Afisa Ugani, Mtwara Vijijini: Pole mama. Huenda salfa ilikuwa nzuri kabisa. Ile inakinga, haiponyi ua lililokwisha kuungua. Ndiyo maana tunasema ianze ugonjwa ukiwa mdogo, kisha irudiwe kila baada ya wiki mbili hivi, kwa sababu maua na majani mapya yanaendelea kutoka na yale mapya hayana dawa juu yake. Muone afisa ugani wa kijiji chako mapema, akague miti kabla hujanunua.

Mhariri, Mikindani: Mama ametusaidia bila kujua. Yeye ndiye mtazamaji mwenyewe. Hajaja kuangalia video ya dakika 22, amekuja na swali moja, "kwa nini dawa ilikataa?" Bwana shamba, kwenye mpango wako jibu lake liko dakika ya ngapi?

Afisa Ugani, Mtwara Vijijini: Dakika ya 14. Kabla yake kuna utangulizi wa dakika 2, historia ya ugonjwa mpaka ya 6, dalili mpaka ya 10, halafu siku ya kuanza.

Mhariri, Mikindani: Basi historia toa. Mkulima wa Makonde ameishi na ugonjwa huu, hana haja ya kusimuliwa ulikotoka. Zile dakika nne peke yake zitapunguza watazamaji kuliko kukosekana kwa muziki wowote. Swali la mama liwe ndilo linalofungua sehemu ya siku ya kuanza, aliulize mkulima mwenyewe mbele ya kamera. Sauti ikibadilika kutoka kwako kwenda kwake, umeshabadilisha mwendo bila manjonjo.

Hapa ndipo napishana na kijana wa Shangani. Kubadili picha kunafaa pale mabadiliko yenyewe yanapofundisha. Kwenye sehemu ya saa ya kupuliza, nyamaza kabisa. Washa mashine saa nne asubuhi upepo ukivuma, watu waone unga unavyokimbilia shamba la jirani. Kisha leta picha ya alfajiri, unga umening'inia ndani ya matawi na majani bado yana umande wa kuushika. Hakuna aliyezungumza na somo limeingia. Lakini unapoonyesha kupima salfa na kurekebisha mashine, acha picha itulie hata dakika nzima. Mtu anatazama mkono wako. Ukikatakata hapo kila sekunde tano, unamnyang'anya kile alichokuja kukitazama.

Kijana wa Shangani: Nimekuelewa kaka, ila video zangu za kubadili picha kila sekunde tano zinatazamwa kweli.

Mhariri, Mikindani: Sikatai. Za dakika moja, za kuchekesha, mwendo huo unafaa. Kwa dakika 22 jicho litazoea hata huko kukatakata, na ukishaanza kwa kasi hiyo hakuna kasi nyingine ya kupandia.

Mwalimu wa Fizikia, Lindi: Naomba niulize la kwangu. Nina video za kidato cha nne, na ile ya saketi za umeme ina sehemu moja ambayo mchoro wa watazamaji kwenye YouTube Studio unapanda juu kama mlima. Nikadhani ndiyo sehemu tamu, nikaanza kufundisha hivyo kwenye nyingine zote. Nyingine hazikupanda.

Mhariri, Mikindani: Mwalimu, ulikuwa unasema nini pale?

Mwalimu wa Fizikia, Lindi: Nilikuwa nakokotoa jumla ya ukinzani wa vizuizi sambamba. Nilienda haraka kidogo kwa sababu ubao ulikuwa mdogo.

Mhariri, Mikindani: Basi inaelekea walikuwa wanarudisha nyuma kwa sababu hawakuelewa au hawakuwahi kuandika. Mstari ukipanda unajua tu kwamba sehemu hiyo imeangaliwa zaidi ya mara moja, au watu wameruka wakaja kutua hapo. Haukuambii kama wameipenda. Soma maoni chini ya video, na muulize mwanafunzi mmoja au wawili.

Kushuka nako kuna namna zake. Mstari kuteremka polepole ni kawaida kwa kila video. Unachotafuta ni ngazi, pale unapoanguka ghafla. Rudi sekunde kumi kabla ya anguko, usikilize ulichosema. Mara nyingi utakuta "kwa kumalizia", au "kabla hatujaendelea", au umerudia jambo lililokwisha eleweka. Anguko likiwa ndani ya zile sekunde 30 za mwanzo, linganisha kichwa cha video na kilichoonekana kwanza. Mtu aliahidiwa ubwiriunga akakuta nembo ya ofisi.

Mwalimu Mstaafu, Newala: Kuuliza swali na kulijibu papo hapo nimekubali, hiyo ni kazi ya ualimu. Lakini mama wa Tandahimba bado analazimika kupita dakika nyingi za bando. Kwa nini asipelekwe moja kwa moja?

Mhariri, Mikindani: Apelekwe, Mwalimu. Kwenye maelezo ya video unaandika sura:

```
00:00 Mashada mawili, shamba moja
01:00 Dalili kwenye majani na maua
05:10 Kwa nini dawa ilikataa: siku ya kuanza
10:30 Saa ya kupuliza na upepo
14:40 Kupima salfa na kujikinga
```

Ya kwanza lazima iwe 00:00, zisipungue tatu, na kila moja iwe na angalau sekunde 10, la sivyo YouTube haizigawi. Unaona pia video imeshuka chini ya dakika 22 kwa kutoa historia na utangulizi. Wapo wahariri wanaogopa sura kwa sababu watu wataruka na muda wa kutazama utapungua. Kwa burudani nawaelewa. Kwa mkulima aliyesimama shambani, aruke tu.

Afisa Ugani, Mtwara Vijijini: Hapo nina tatizo. Wakulima wangu wengi hawatazami YouTube. Mmoja anapakua mjini, anarusha kwenye kundi la WhatsApp la chama cha ushirika, wengine wanawekewa kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu. Huko sura hazipo, na huo mchoro hauwaoni kabisa.

Mhariri, Mikindani: Kweli, mchoro unahesabu waliotazama YouTube tu. Kwa hao wengine ningekata kila sehemu iwe video yake, na kila moja ianze na swali lake.

Mwalimu Mstaafu, Newala: Ukikata, atakayepata kipande cha kupima salfa bila kipande cha siku ya kuanza atapuliza vizuri kabisa, wakati umeshapita. Afadhali nzima.

Kijana wa Shangani: Nzima ni nzito, kwenye kundi hawataipakua. Mimi naona vipande.

Mama wa Tandahimba: Mimi nitumieni hicho cha dawa kukataa, halafu hicho cha upepo. Shamba la jirani langu liko upande unakoelekea upepo, tumegombana naye sana kwa ajili ya salfa.

Afisa Ugani, Mtwara Vijijini: Nitarekodi upya mwanzo na kuondoa historia. Swali la mama nitaliweka kama alivyoliuliza, akiniruhusu. Kuhusu vipande bado nasita, hofu ya Mwalimu naiona kila msimu. Labda sentensi ya siku ya kuanza irudiwe mwanzoni mwa kila kipande, ingawa anayetazama video nzima atachoka kuisikia mara tano.

Mhariri, Mikindani: Hatachoka ukiirekodi kando na kuibandika kwenye vipande tu. Kwenye nzima isiwepo.